Kuondoa Chapisho la Mtandao wa Kijamii Lililopachikwa Kwenye Tovuti Yako, na Kwa Nini Nakala Hubaki Baada ya Lile la Asili Kufutwa

Tuchukue mfano wa tovuti ndogo ya habari za Mombasa inayoendeshwa kwa WordPress. Miaka michache iliyopita ilichapisha makala kuhusu foleni za kivuko cha Likoni, na katikati ya makala hiyo mwandishi akapachika chapisho la abiria mmoja lililotoka Twitter, ambayo sasa inaitwa X. Abiria huyo hakuwa mtu mashuhuri, bali mkaazi tu aliyelalamika kwa hasira na kumtaja mwajiri wake. Baadaye alilifuta chapisho lake, akadhani yamekwisha, kisha akajikuta bado anasomeka neno kwa neno kwenye ile makala. Akamwandikia mwenye tovuti akiomba maneno yake yaondolewe. Mwenye tovuti alifungua makala, akaona lile fremu lenye picha ya mwenye akaunti na vitufe vya kupenda limetoweka, lakini maneno yenyewe yapo, yamepangwa kama nukuu ya kawaida, na chini yake pana jina, akaunti na tarehe.

Mwongozo huu unafuata kazi ya kuliondoa chapisho hilo mpaka mwisho. Hatua zinakwenda kutoka ndani kwenda nje: kwanza maandishi ya makala, kisha akiba ya WordPress yenyewe, halafu kashe ya kurasa, yaani nakala za kurasa zinazotunzwa ili tovuti ifunguke haraka, na mwisho watu wa nje kama Google. Mpangilio huo haufai kugeuzwa, kwa sababu kila tabaka la nje hujijaza upya kwa kuchota kutoka tabaka la ndani. Ukianza kwa kusafisha kashe ya nje huku hifadhidata bado ina maneno yale, msomaji wa kwanza atakayefungua ukurasa atairudisha nakala uliyokwisha kuifuta.

## Kwa nini maneno yalibaki

Watu wengi hudhani kwamba chapisho lililopachikwa ni kama dirisha linalotazama kwenye mtandao wa kijamii, kwa hiyo kilichofutwa kule kitatoweka na huku. Kwa video ya YouTube iliyopachikwa kwa `iframe` dhana hiyo ni sahihi kwa kiasi kikubwa: ukurasa wako unabeba anwani tu, na video ikifutwa panabaki kisanduku chenye ujumbe kwamba haipatikani. Machapisho ya X hayafanyi hivyo. Msimbo unaopewa na mtandao huo kwa ajili ya kupachika una umbo hili:

```html
<blockquote class="twitter-tweet">
  <p lang="sw" dir="ltr">Maneno yote ya chapisho yako hapa.</p>
  &mdash; Jina (@akaunti)
  <a href="https://twitter.com/akaunti/status/NAMBA">tarehe</a>
</blockquote>
<script async src="https://platform.twitter.com/widgets.js"></script>
```

Maneno ya chapisho yamo ndani ya `blockquote`, yaani yamenakiliwa tangu siku uliyopachika. Ile hati ya `widgets.js` ndiyo inayofika baadaye, ikaliuliza X kama chapisho bado lipo, na likiwapo hubadilisha nukuu ile kuwa fremu yenye picha na vitufe. Chapisho likiwa limefutwa, hati haipati cha kuchora, na nukuu inabaki ilivyokuwa. Umbo hilo lilichaguliwa makusudi, ili msomaji ambaye kivinjari chake hakikupakia hati aweze kusoma maneno. Kwa mwanahabari anayenukuu kauli ya waziri, hilo ni jambo jema. Kwa mtu wa kawaida aliyebadili mawazo, ni tatizo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitatua, kwa sababu nakala hiyo iko mikononi mwako.

Picha ni suala tofauti. Chapisho likiwa na picha, ndani ya `blockquote` hubaki kiungo kifupi kinachoanza na `pic.twitter.com`, wala si picha yenyewe. Ukiona picha ya abiria bado ipo kwenye makala baada ya chapisho kufutwa, basi kuna aliyeipakia kwenye tovuti yako kando, mara nyingi kama picha ya skrini, na utaitafuta kwenye maktaba ya picha.

WordPress inaongeza tabaka jingine. Mwandishi akibandika anwani ya chapisho peke yake kwenye mstari, WordPress huenda yenyewe kuuomba mtandao ule msimbo ulioonyeshwa hapo juu, kisha huuhifadhi kwenye jedwali la `wp_postmeta` chini ya ufunguo unaoanza na `_oembed_`. Kuanzia hapo wasomaji hupewa nakala iliyohifadhiwa, na seva haiulizi tena kila ukurasa unapofunguliwa. Katika maelezo yake ya kiufundi kwa watengenezaji wa programu, Twitter ilionyesha jibu lenye muda wa kuhifadhi wa sekunde 3153600000, ambazo ni sawa na miaka 100. Kwa maneno mengine, haikutarajiwa kwamba yeyote atarudi kuuliza.

Kuna tabia moja ya WordPress inayowasumbua wengi. Unapoifungua makala na kuihifadhi upya, WordPress inaweza kujaribu kuomba msimbo tena. Ikishindwa kwa sababu chapisho limefutwa, huandika alama ya kushindwa pale tu ambapo hakukuwa na nakala ya zamani. Kama nakala ya zamani ipo, huiacha ilivyo. Ndiyo sababu mtu anaweza kubofya kitufe cha kuhifadhi asubuhi hadi jioni na maneno yasitoke.

## Hatua ya kwanza: nakala ya dharura, kisha kutafuta

Utafanya kazi ndani ya hifadhidata, kwa hiyo tengeneza nakala yake kabla ya kugusa kitu. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinaruhusu kuingia kwa terminali na zimekwisha kuweka WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika, na amri zinazofuata ni zake. Iandike nakala nje ya folda inayoonekana na umma:

```
wp db export ../kabla-ya-kufuta.sql
```

Kumbuka kwamba faili hilo nalo lina maneno unayoyaondoa. Kazi ikiisha na tovuti ikithibitika kuwa nzima, lifute. Nimeona watu wanaosafisha kila tabaka kwa uangalifu, kisha wanaacha hifadhidata nzima ndani ya folda ya tovuti, ambako yeyote anayekisia jina la faili anaweza kuipakua.

Sasa tafuta. Usitafute kwa jina la akaunti, kwa sababu jina linaweza kuwa limebadilishwa na linaweza kuonekana mahali pengi pasipohusika. Usitafute kwa anwani kamili pia, maana machapisho ya zamani yameandikwa kwa `twitter.com` na mapya kwa `x.com`, na yote mawili yanaweza kuelekea chapisho lile lile. Tumia ile namba ndefu inayofuata neno `status` kwenye anwani. Haibadiliki, na imo kwenye anwani iliyobandikwa na mwandishi na vilevile kwenye nakala iliyohifadhiwa na WordPress:

```
wp db search 'NAMBA'
```

Majibu yatataja jedwali na safu, kisha namba ya mstari na kipande cha maandishi. Katika mfano wetu yalitoka mahali pa aina tatu. Kwanza ni `wp_posts:post_content` kwenye mstari wa 412, ambayo ndiyo makala yenyewe. Pili ni mistari mingine kadhaa ya `wp_posts` yenye maandishi karibu yale yale, ambayo ni matoleo ya awali ya makala ambayo WordPress huyatunza kila mara mhariri anapohifadhi. Tatu ni `wp_postmeta:meta_value`, ambako ile nakala ya msimbo imelala.

Rudia utafutaji kwa kutumia maneno matatu au manne yanayofuatana kutoka kwenye chapisho lenyewe. Utashangaa mara nyingine kukuta kipande cha nukuu kwenye muhtasari wa makala, au kwenye maelezo mafupi ambayo plagini ya kuandaa makala kwa ajili ya Google iliyachukua kutoka aya ya kwanza, na hayo hayana ile namba. Chagua maneno yasiyo na ritifaa. Neno kama ng'ang'ania linaweza kuwa limehifadhiwa kwa alama `&#39;` badala ya ritifaa, na utafutaji utarudi mtupu huku neno lipo.

## Hatua ya pili: kulitoa ndani ya makala

Fungua makala kwenye kihariri, bofya kisanduku cha chapisho na ukifute chote. Kabla ya kuhifadhi, geuza kihariri kionyeshe msimbo na uhakikishe kwamba hakuna kilichobaki kati ya `<!-- wp:embed` na `<!-- /wp:embed -->`. Kama mwandishi alibandika msimbo mzima wa `blockquote` kwa mkono badala ya anwani, hutakuta alama hizo. Kitafute kisanduku cha HTML, na uondoe pia mstari wa `script` uliofuata. Mstari huo ukiachwa, kivinjari cha kila msomaji wako kitaendelea kuwasiliana na seva za X pasipo sababu, ingawa hakuna chapisho lolote la kuonyesha.

Pengo lililobaki lina haja ya sentensi moja ili makala isomeke. Inatosha kuandika kwamba chapisho lililokuwapo hapa limeondolewa kwa ombi la aliyeliandika. Usiache kiungo cha anwani ya zamani, kwa sababu anwani ina jina la akaunti ndani yake. Soma pia aya inayotangulia na inayofuata: waandishi hupenda kurudia kwa maneno yao yale ambayo chapisho limesema, na mara nyingi jina la mtu limo humo. Kama aya inamtambulisha abiria na mwajiri wake, kuondoa nukuu peke yake hakujamsaidia.

Hapa mwenye tovuti ana uamuzi wa uhariri ambao hakuna amri ya kompyuta itakayomfanyia. Kauli ya afisa wa umma inayohusu kazi yake ni kumbukumbu, na gazeti lina sababu ya kuibakiza hata aliyeisema akiifuta. Malalamiko ya abiria hayana uzito huo. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na Tanzania ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Mwenye tovuti atafanya vyema kulijibu ombi kwa maandishi, akikubali au akikataa kwa sababu.

## Hatua ya tatu: akiba ya WordPress na matoleo ya zamani

Kuondoa kisanduku hakufuti mstari uliohifadhiwa kwenye `wp_postmeta`. Hauonyeshwi tena kwa wasomaji, lakini upo, utaingia kwenye kila nakala ya hifadhidata utakayotengeneza, na utarudi ukurasani iwapo mhariri mwingine atabandika anwani ile ile kwenye makala hiyo. Uondoe kwa amri moja inayotaja namba ya makala:

```
wp embed cache clear 412
```

Asiye na terminali anaweza kufanya vivyo hivyo kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kuendeshea hifadhidata kwa kivinjari. Mikwaju `\` iliyo kabla ya alama za `_` isiachwe, kwa kuwa ndani ya `LIKE` alama ya `_` peke yake humaanisha herufi yoyote:

```sql
DELETE FROM wp_postmeta
WHERE post_id = 412 AND meta_key LIKE '\_oembed\_%';
```

Katika tovuti nyingi majina ya majedwali hayaanzi na `wp_`, basi angalia yako yanaanzaje. Ukipita njia hii ya phpMyAdmin, fahamu kwamba WordPress haijui kuwa umefuta. Ikiwa seva inatumia Redis au Memcached kutunza majibu ya hifadhidata kwenye kumbukumbu, itaendelea kutoa jibu la zamani mpaka umwambie msimamizi wa seva aisafishe, au wewe mwenyewe utoe amri ya `wp cache flush`.

Amri ya `wp embed cache clear` ingetosha peke yake? Hapana, na ndiyo maana imekuja baada ya kuhariri makala. Ukifuta akiba huku anwani ingali ndani ya makala, WordPress itaomba msimbo upya, itashindwa, na itaonyesha anwani kama kiungo cha kawaida, jina la akaunti likiwa wazi mbele ya kila msomaji.

Matoleo ya zamani ya makala hayaonekani kwa umma, ila yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri makala hiyo anaweza kuyafungua na kuyarejesha kwa kubofya mara moja. Yafute yale ya makala hii tu. Orodhesha kwanza ili uone unachofuta:

```
wp post list --post_type=revision --post_parent=412
wp post delete $(wp post list --post_type=revision \
  --post_parent=412 --format=ids) --force
```

Baada ya hapo rudia `wp db search` kwa namba na kwa maneno. Usiendelee na hatua inayofuata mpaka majibu yawe matupu.

## Hatua ya nne: kashe ya kurasa, na jinsi ya kujua nakala imekwama wapi

Tovuti nyingi hazitengenezi ukurasa upya kwa kila msomaji. Plagini kama LiteSpeed Cache au WP Super Cache huchukua ukurasa uliokwisha kutengenezwa na kuugawa jinsi ulivyo. Kuhifadhi makala kwa kawaida huifukuza nakala ya makala hiyo, lakini maneno yanaweza kuwa pia kwenye ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa mada, ukurasa wa mwandishi na mlisho wa RSS, hasa kama mandhari ya tovuti yanaonyesha makala nzima badala ya muhtasari. Kwa tovuti ndogo sioni sababu ya kuhangaika na ukurasa mmoja mmoja: futa kashe yote. Tovuti itakuwa nzito kwa muda mfupi wakati kurasa zinajengwa upya, basi.

Kisha pima badala ya kukisia. Kivinjari chako si shahidi wa kuaminika, kwa sababu nacho kina kashe yake, na ukiwa umeingia kama msimamizi seva nyingi hukupa ukurasa mpya ambao wasomaji hawapewi. Tumia amri hizi mbili kutoka kwenye kompyuta yako, ukiweka anwani ya makala yako:

```
curl -sL https://example.org/kivuko/ | grep -c 'NAMBA'
curl -sL 'https://example.org/kivuko/?jaribio=1' | grep -c 'NAMBA'
```

Kila amri inahesabu mistari yenye namba ya chapisho. Anwani ya pili ina nyongeza mwishoni ambayo kashe nyingi huiona kama ukurasa mwingine, kwa hiyo hupita moja kwa moja hadi WordPress. Ikiwa ya pili inatoa 0 na ya kwanza inatoa 1 au zaidi, makala ni safi na nakala imekwama kwenye kashe iliyo katikati. Zote mbili zikitoa namba zaidi ya 0, tatizo bado liko ndani: huenda kuna kisanduku cha pembeni au kiolezo cha mandhari kilichopachikiwa chapisho lile lile. Zote zikitoa 0 huku wewe unaliona kwa macho, ni kivinjari chako, na dirisha la faragha litathibitisha hilo. Rudia kipimo kwa kuweka yale maneno matatu mahali pa namba.

Kama tovuti inapita Cloudflare, huduma inayokaa kati ya seva yako na wasomaji, iulize vichwa vya majibu kwa `curl -sI` ukifuatiwa na anwani, na utafute mstari wa `cf-cache-status`. Neno `DYNAMIC` lina maana kwamba ukurasa umetoka kwenye seva yako. Neno `HIT` lina maana kwamba umetoka kwenye akiba ya Cloudflare, na hapo utaingia kwenye dashibodi yao, sehemu ya `Caching`, na kufuta kwa anwani au kufuta zote. Kwa mpangilio wake wa kawaida Cloudflare haihifadhi kurasa za HTML, huhifadhi picha na faili za mitindo. Ukikuta `HIT` kwenye makala, kuna mtu aliyewasha uhifadhi wa kurasa za HTML, na inafaa ujue ni nani na kwa nini.

Kuna kikomo ambacho hakiondoleki. Seva inapotoa ukurasa huweza kusema, kwa agizo la `max-age` lililo kwenye kichwa cha `Cache-Control`, kwamba nakala hii itumike kwa saa 1 au kwa siku 1. Kivinjari kilichopokea maelekezo hayo hakirudi kuuliza mpaka muda uishe, na kanuni za kashe za wavuti hazina ujumbe wa seva kumfuata msomaji na kumnyang'anya nakala aliyokwisha kupewa. Tovuti iliyoweka muda mrefu kwenye kurasa za HTML inapaswa kuupunguza sasa. Nakala zilizokwisha kutoka zitabaki kwa wasomaji wake mpaka ziishiwe na muda wao.

## Neno kuhusu Instagram na plagini za mfululizo

Msimbo wa Instagram na TikTok nao hutumia `blockquote`, wa kwanza kwa darasa la `instagram-media` na wa pili kwa `tiktok-embed`, na maelezo ya chapisho yanaweza kuwa ndani yake. Utafutaji ni ule ule, ila badala ya namba ya `status` utatumia kitambulisho kilichomo kwenye anwani. Hatari kubwa zaidi iko kwenye plagini zinazoonyesha mfululizo wa picha za akaunti nzima. Baadhi yao hupakua picha na kuziweka kwenye seva yako ili ukurasa ufunguke haraka. Plagini ya Instagram ya Smash Balloon, kwa mfano, huweka nakala zilizopunguzwa ukubwa kwenye folda ya `wp-content/uploads/sb-instagram-feed-images`. Picha ikifutwa kule Instagram, faili huku linaweza kubaki na kufunguka kwa anwani yake ya moja kwa moja hata mfululizo usipoionyesha tena. Safisha kashe ya plagini kupitia mipangilio yake, kisha ingia kwenye folda na uhakikishe mwenyewe.

## Hatua ya tano: nakala zilizo mikononi mwa wengine

Sasa tovuti yako ni safi, na hapo ndipo mwombaji atakuandikia tena kwamba akitafuta jina lake Google bado anaona maneno yake chini ya kiungo cha makala. Hilo si kosa lako wala halihitaji kurudi nyuma. Google inaonyesha ilichosoma mara ya mwisho ilipopita. Ile nafasi ya kufungua nakala kamili ya ukurasa kutoka kwenye majibu ya Google iliondolewa mwaka 2024, lakini muhtasari wa mistari miwili mitatu hukaa mpaka ukurasa usomwe upya.

Ingia Google Search Console, weka anwani ya makala kwenye `URL Inspection` na ubofye `Request Indexing`. Kwa haraka zaidi, nenda sehemu ya `Removals` na uombe muhtasari wa anwani hiyo ufutwe. Kuwa mwangalifu hapo, kwa sababu ombi lililo jirani yake huificha anwani yote kwenye matokeo kwa takriban miezi 6, na bila shaka hutaki makala yako ya kivuko ipotee kwa ajili ya nukuu moja. Mtu asiye na mamlaka juu ya tovuti anaweza pia kuomba Google isahihishe matokeo yaliyopitwa na wakati, mradi maneno yamekwisha kuondolewa ukurasani. Basi mwambie mwombaji kwamba naye anaweza kulituma ombi hilo.

Kama maneno ya chapisho yaliingia kwenye maelezo mafupi ya makala, yanaweza kuonekana kila mtu anapoisambaza. Facebook ina ukurasa wa Sharing Debugger ambako unaweka anwani na kubofya `Scrape Again` ili isome upya. WhatsApp ni habari nyingine: kadi ndogo inayotokea chini ya kiungo hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma na kusafiri pamoja na ujumbe. Iliyokwisha kufika kwenye makundi haifutiki kutoka kwako, ila atakayesambaza kiungo leo atatengeneza kadi mpya isiyo na maneno yale. Barua za jarida zilizokwisha kutumwa kwa waliojiandikisha, na visomaji vya RSS vilivyonakili makala, vina kikomo hicho hicho.

Mwisho ni kumbukumbu za wavuti. Wayback Machine ya Internet Archive huhifadhi ukurasa pamoja na msimbo wake, kwa hiyo ile `blockquote` imo ndani ya kila nakala ya ukurasa waliyoichukua walipopita. Mwenye tovuti anaweza kuwaandikia kwa info@archive.org, kwa baruapepe ya domeni yake mwenyewe, akitaja anwani kamili, kipindi kinachohusika na sababu. Uamuzi ni wao. Ninashauri uombe anwani moja tu ya makala badala ya tovuti nzima, kwa kuwa kuifuta historia yote ya gazeti la mtaa ili kuondoa nukuu moja ni hasara ambayo abiria hakuiomba.

## Kumjibu aliyeomba, na kuzuia isirudi

Mwandikie mambo mawili kwa uwazi. Eleza ulichoondoa na tarehe yake: makala, akiba, matoleo ya zamani na kashe. Kisha eleza yaliyo nje ya uwezo wako, yaani picha za skrini za watu wengine, kadi za WhatsApp zilizokwisha kutumwa na nakala za hifadhi ya dharura ambazo kampuni ya seva huzizungusha kwa ratiba yake. Usimwahidi kwamba maneno yametoweka kabisa, maana hilo huwezi kulithibitisha.

Nakala za dharura ndizo hurudisha chapisho mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine chochote. Tovuti inavamiwa au sasisho linaharibika, fundi anarejesha hifadhidata ya mwezi uliopita, na nukuu inarudi kimya kimya pamoja na mengine yote. Weka orodha fupi, nje ya tovuti, yenye namba ya makala na tarehe ya kuondoa. Usiandike maneno yenyewe wala jina la mwombaji. Kila hifadhidata inaporejeshwa, orodha hiyo ifunguliwe na hatua ya pili na ya tatu zirudiwe kwa kila namba iliyomo kabla tovuti haijafunguliwa kwa wasomaji.